Sura ya Saba: Zilipanda Salfeti Mbili, Ikashuka Moja

Sehemu kubwa ya biashara ya mikoani nchini Tanzania huanza kwa mtu kulipia kitu ambacho hajakishika. Mwenye duka wa Mbinga, Newala au Kibondo hafungi safari ya Kariakoo kila bidhaa zinapopungua. Anatumiwa picha za mzigo mpya, anachagua, anatuma pesa kwa simu, kisha anasubiri basi. Katika muda huo wa kusubiri, muuzaji ana pesa, basi lina mzigo, na mnunuzi hana kitu mkononi isipokuwa ujumbe wa muamala. Mambo yakienda vizuri, hakuna anayejua kama mnunuzi alikuwa sahihi kumwamini muuzaji au alikuwa na bahati tu. Hilo hujulikana siku mzigo unapopotea.

Sura hii inasimulia siku ya namna hiyo. Muuzaji na mteja wake nimewatunga, pamoja na bei zao na kampuni ya basi waliyoitumia. Barabara, desturi za soko na sheria ni hizi hizi tunazoishi nazo.

Pesa mbele, mzigo nyuma

Muuzaji ni kijana mwenye fremu ya khanga Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Mteja ni mama mwenye duka la nguo Mbinga, mkoani Ruvuma. Kwenye simu ya kijana ameandikwa "Mama Mbinga", maana wateja wa mikoani wamepangwa kwa miji yao: yupo Mama Kahama, yupo Mzee Masasi. Kwenye simu ya mama naye kijana ni "Khanga Dar". Wameonana uso kwa uso mara moja tu, siku mama alipokuja Dar es Salaam kuuguza ndugu akapita dukani na kununua doti 10 kwa pesa taslimu.

Oda ya kwanza ya simu ilikuwa doti 5. Kijana hakushangaa. Mteja mpya wa mkoani huagiza kiasi ambacho hata kikiliwa hakitamuua. Doti zile 5 zilipofika zikiwa ndizo za kwenye picha, zenye rangi ile ile na majina yale yale, zikafuata 15, halafu 30. Baada ya miaka miwili Mama Mbinga alikuwa anaagiza doti 60 kwa mkupuo, na hakuwa tena anauliza kama mzigo upo kabla ya kutuma pesa. Ukitaka kujua anamwamini kijana kwa kiasi gani, huna haja ya kumhoji. Fungua daftari la oda usome.

Hesabu yao ilikuwa hivi. Kijana anamuuzia mama doti moja kwa shilingi 12,000, naye mwenyewe ameinunua kwa 11,000. Faida yake kwa doti 60 ni shilingi 60,000. Mama anaiuza kwa 16,000, hivyo anapata 4,000 kwa kila doti kabla ya kutoa nauli ya mzigo, ambayo analipa yeye. Anayeuza jumla huishi kwa faida ndogo inayozunguka haraka, na jambo hili tulishike, kwa sababu ndilo linaloeleza kosa lililofuata.

Mzigo unavyofungwa

Ilikuwa msimu wa kahawa, wakati pesa zinapoingia Mbinga na shughuli zinapopangwa. Mama aliagiza doti 60. Kati ya hizo, 35 zilikuwa za kuuza dukani, za majina mchanganyiko. Doti 25 zilikuwa sare: kikundi cha akina mama kilikuwa na harusi Jumamosi, na wote walikuwa wamechagua khanga moja, jina moja, rangi moja. Jumapili jioni alituma shilingi 740,000, yaani 720,000 za mzigo na 20,000 za nauli.

Jumatatu kijana alizipanga doti sakafuni, akazihesabu kwa sauti mbele ya msaidizi wake, akazipiga picha. Sare alizitenga ili zisichanganyike na nyingine. Doti 35 zikaingia kwenye salfeti moja, 25 kwenye nyingine. Ndani ya kila salfeti aliweka kikaratasi chenye idadi, akashona mdomo kwa sindano ya gunia, kisha akaandika kwa kalamu ya wino mzito pande zote mbili: jina la mama, MBINGA KUPITIA SONGEA, na namba ya simu. Bodaboda akazibeba hadi ofisi ya mizigo ya kampuni ya basi.

Karani aliuliza maswali yale ya kila siku.

"Ndani kuna nini?"

"Nguo."

"Thamani?"

Hapo kijana alinyamaza kidogo, akasema, "Acha wazi."

Kampuni hiyo ilikuwa inatoza asilimia 3 ya thamani kwa mzigo uliotangazwa. Kwa mzigo wa 720,000 hiyo ni 21,600, zaidi ya theluthi ya faida yote ya kijana. Mama mwenyewe alikuwa amemwambia zamani: "Usiandike thamani mwanangu, wanatuumiza bure." Hakuna mzigo wao uliokuwa umepotea hata siku moja, na kila mzigo uliofika ulizidi kuwaonyesha kwamba ile asilimia 3 ni pesa ya kutupa. Karani akaandika: mizigo 2, nguo, nauli 20,000. Sehemu ya thamani akapiga mstari. Nyuma ya risiti kulikuwa na maandishi madogo: kwa mzigo ambao thamani yake haikutangazwa, fidia haitazidi mara tano ya nauli ya mzigo huo. Kijana alikuwa na mamia ya risiti kama hiyo na hajawahi kuigeuza hata moja.

Aliipiga picha risiti, upande wa mbele tu, akamtumia mama. Basi liliondoka Jumanne alfajiri.

Simu ya Jumatano

Basi la Songea hupita Morogoro, Iringa na Mafinga hadi Makambako. Hapo barabara hugawanyika: moja inaendelea Mbeya, nyingine inakata kushoto kwenda Njombe na Songea. Makambako abiria wengi hushuka na mizigo mingi hushushwa, na mara nyingi giza limeshaingia. Utingo anayetafuta mzigo ulio ndani kabisa ya buti hana budi kuutoa kwanza ulio mbele, kisha kuurudisha. Salfeti zote ni nyeupe au zenye mistari, na maandishi ya wino hayasomeki vizuri kwa mwanga wa tochi ya simu. Ukiulizwa mzigo hupotelea wapi, anza na pale basi linapofunguliwa njiani.

Mzigo wa Mbinga hulala Songea, kisha asubuhi hupakiwa kwenye Kosta kwa safari ya kama kilomita 100. Jumatano kabla ya adhuhuri simu ya kijana iliita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimepokea mmoja."

"Mmoja?"

"Mmoja. Niko nao hapa hapa stendi, sijaufungua. Dereva yupo, kondakta yupo. Nakutumia picha uone."

Picha zikaingia: salfeti imesimama kando ya tairi la Kosta, mshono wake mzima, uzi wa bluu ule ule wa kijana. Picha ya pili ilikuwa ya karatasi ya mzigo ya dereva, ikionyesha namba 1.

Jibu la kwanza linalomjia muuzaji yeyote hapo ni "Lakini mimi nilituma miwili." Ni jibu la kweli, ila lina ubaya wake. Mama akilisikia atalielewa hivi: kama wewe ulituma miwili, basi mwenye jambo la kueleza ni mimi. Kijana alisema hivi: "Mama, risiti yangu inasema miwili, unayo kwenye simu. Kwa hiyo umebaki mahali kati ya huku na huko. Nipe mpaka saa tisa, nitakwambia umeishia wapi."

Aliyoyafanya mama yana uzito ule ule. Angeweza kubeba mzigo nyumbani, kuufungua, kugundua sare hazimo, kisha kupiga simu jioni. Lakini salfeti ikishafunguliwa nyumbani haithibitishi tena kitu. Aliupokea mbele ya watu, akaupiga picha ungali umeshonwa, akapata karatasi ya dereva kabla Kosta haijageuka. Hakufanya hivyo kwa kumshuku kijana. Alifanya hivyo ili kijana asiwe na sababu ya kumshuku yeye.

Kijana alianza kupiga simu, na alifuata njia ya mzigo kwa mpangilio badala ya kumpigia kila mtu anayemjua. Ofisi ya Dar es Salaam: orodha ya mizigo iliyopanda basi la Jumanne inaonyesha miwili ya Mbinga. Ofisi ya Songea: daftari la mizigo iliyoingia usiku linaonyesha mmoja, na la iliyotoka asubuhi linaonyesha mmoja. Kondakta wa basi: ndiyo, Makambako walitoa salfeti kadhaa nje ili kufikia mizigo ya nyuma, na hana uhakika kama zote zilirudi. Ofisi ya Makambako: hakuna salfeti iliyobaki hapo.

Saa tisa alasiri alimpigia mama, ingawa hakuwa na habari njema.

"Haujapatikana mama. Ila nina uhakika haukufika Songea. Miwili ilipanda Dar, mmoja ukashuka Songea."

Tuangalie kile wanachokijua sasa. Kwamba kijana alituma mizigo miwili, inathibitishwa na orodha ya kampuni, si na maneno yake. Kwamba mama alipokea mmoja, inathibitishwa na daftari la Songea, lililoandikwa na mtu asiyemjua. Mzigo umepotelea kwenye kipande cha njia ambacho hakuna kati yao anayekishika. Hapo ndipo uaminifu wao ulipoponea. Kama Songea wangeandika mizigo miwili na Mbinga ukafika mmoja, au kama risiti ya Dar ingekuwa na namba isiyosomeka, watu hawa hawa, wenye tabia hizi hizi, wangelala usiku ule kila mmoja akimwazia mwenzake. Wema wa moyo ungekuwa pale pale, lakini usingekuwa na cha kusimamia.

Bei ya kusubiri

Kampuni ya basi ilisema ipewe siku saba kufuatilia. Kwao ni utaratibu wa kawaida, na wakati mwingine mzigo ulioshushwa kimakosa huonekana ndani ya siku hizo, pale aliyeupokea anapogundua kwamba si wake. Lakini harusi ilikuwa Jumamosi. Akina mama 25 walikuwa wameshatoa pesa. Sare ikifika Jumatatu inayofuata haitakuwa sare tena. Itakuwa doti 25 za jina moja ambazo hakuna anayezitaka zote kwa pamoja, na mama atadaiwa arudishe shilingi 400,000.

Kwa hiyo hasara ya siku ile ilikuwa ya aina mbili. Ya kwanza, mzigo wenyewe, ilikuwa imeshatokea. Kilichobaki ni kugawana. Ya pili, harusi, ilikuwa haijatokea, na ilikuwa inawezekana kuizuia. Watu wengi wakipotelewa na mzigo huanza kubishana juu ya ile ya kwanza, nani alipe, huku ya pili ikija taratibu na kuwakuta bado wanabishana. Na anayeumizwa na kuchelewa huku karibu siku zote ni mnunuzi, kwa sababu pesa yake ilishatoka.

"Mama, harusi Jumamosi saa ngapi?"

"Ndoa saa nne. Lakini wanataka khanga mkononi Ijumaa."

"Zikipanda basi la kesho alfajiri, Ijumaa asubuhi ziko Songea. Naomba nitafute hapa. Hesabu tutaifanya Jumatatu."

"Ukituma leo, kwenye hesabu hatutagombana."

Khanga ile ilikuwa imekwisha dukani kwake. Kariakoo, duka lisilo na kitu huazima kwa jirani na kulipa baadaye, na kijana alianza kuzunguka na kipande cha mfano mkononi. Sare haikubali "inayofanana". Pindo, mji na jina vilingane, na rangi iwe ile ile, kwa kuwa kiwanda huchapa khanga moja kwa rangi kadhaa. Duka la tatu lilikuwa na doti 18. Akaandikiana na mwenye duka kwa bei ya 11,000. Saba zilizobaki alizipata kupitia winga, mmoja wa wale vijana wa Kariakoo wasio na duka lakini wanaojua kila stoo ina nini. Winga alizitoa kwenye ghorofa la mtaa wa nyuma kwa 12,500 kila doti, sehemu yake ikiwa humo humo. Kijana hakuomba apunguziwe. Saa ya kuomba punguzo haikuwepo.

Usiku ule ule alirudi ofisi ya mizigo. Karani alipouliza thamani, alijibu, "Laki tatu," akalipa 9,000 juu ya nauli ya 10,000. Ijumaa mchana mama alituma picha ya salfeti na neno moja: "Zimefika."

Hesabu ya Jumatatu

Kabla ya kuona walivyogawana, tuone sheria ingewaambia nini. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, ina mizizi katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na kanuni yake kuhusu msafirishaji ni fupi. Kama muuzaji ameruhusiwa au kutakiwa na mnunuzi kutuma bidhaa, basi kumkabidhi msafirishaji kunahesabiwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kuwa ni kumkabidhi mnunuzi. Kwa lugha ya dukani: mzigo ukishapokelewa na karani wa basi, ni wa Mama Mbinga, na ukipotea umepotea mikononi mwake.

Lakini kanuni hiyo ina mkia. Muuzaji anatakiwa aingie na msafirishaji mkataba wenye busara, kwa kuzingatia aina ya bidhaa na hali ilivyo. Asipofanya hivyo na bidhaa zikapotea, mnunuzi anaweza kukataa kwamba kumkabidhi msafirishaji ni kumkabidhi yeye, au akamdai muuzaji fidia. Je, kutuma sare za laki tatu huku sehemu ya thamani ikiwa na mstari ni mkataba wenye busara? Wakili wa mama angesema hapana. Wakili wa kijana angejibu kwamba mama mwenyewe ndiye aliyeagiza iwe hivyo. Wote wawili wangekuwa na hoja, na ada ya siku moja ya mmoja wao ingeweza kumeza doti zote zilizopotea. Kampuni nayo ingeweza kulalamikiwa kwa TCRA, inayosimamia huduma za vifurushi, lakini kwenye risiti kulikuwa na ule ukomo wa mara tano ya nauli na sehemu ya thamani iliyoachwa tupu.

Baada ya siku saba mzigo haukuonekana. Kampuni ililipa kulingana na maandishi yake: mara tano ya 10,000, yaani shilingi 50,000. Lakini wawili hawa walishapiga hesabu yao ile Jumatatu, wakichukulia kwamba hiyo ndiyo itakuwa fidia.

Kijana alianza kwa kuweka wazi kila gharama. Doti 18 kwa 11,000 ni 198,000. Doti 7 kwa 12,500 ni 87,500. Nauli 10,000, kutangaza thamani 9,000. Jumla 304,500. Ukitoa 50,000 za kampuni, zinabaki 254,500. Angalia kwamba aliandika bei aliyonunulia, si ile ya 12,000 anayomuuzia mama. Hakutaka apate faida kwenye doti ambazo mama alishazilipia.

"Sasa mwanangu," mama alisema, "mimi ndiye niliyekuambia usiandike thamani. Hilo silikatai."

"Na mimi ndiye niliyesimama mbele ya karani, mama. Sare ningeandika."

"Basi tukate katikati."

Katikati ni 127,250. Mama alisema yeye abebe 125,000, na kijana akachukua 129,500 zilizobaki. Mama hakuzitoa siku hiyo. Walikubaliana ziongezwe 25,000 kwenye kila oda, kwa oda tano.

Mgawanyo huu unaweza kuonekana ni upole tu, kwa hiyo tuupime. Mama alikuwa na faida ya 4,000 kwa doti 60, yaani 240,000. Toa nauli 20,000, toa fungu lake la hasara, bado anabaki na 95,000, na kikundi cha akina mama kimevaa. Kijana alikuwa na faida ya 60,000. Akitoa 129,500 amepata hasara ya 69,500, kidogo zaidi ya faida ya oda moja. Mama Mbinga huagiza mara nane hivi kwa mwaka. Kwa kijana, kumpoteza mteja huyu kungekuwa kupoteza 480,000 kila mwaka. Kulipa hasara yote peke yake kungemgharimu karibu mara mbili ya alichotoa, na kungezaa tatizo jingine: muuzaji anayelipa kila kitu bila kuuliza hatimaye huwavuta wale wanaopotelewa na mizigo kila mwezi. Mgao wa nusu kwa nusu uliwafaa kwa kuwa uamuzi wa kuacha thamani wazi ulikuwa wa wote wawili. Kama kijana angekuwa ameuamua kimya kimya, nusu kwa nusu isingekuwa haki.

Walichobadilisha

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Kila salfeti sasa inashonewa mdomoni kipande cha khanga nyekundu, na chini ya jina inaandikwa "1 kati ya 2" au "2 kati ya 2". Kitambaa ni kwa ajili ya utingo mwenye tochi ya simu Makambako. Namba ni kwa ajili ya karani wa Songea, ili akiona "2 kati ya 2" peke yake aulize wa kwanza uko wapi basi likiwa bado limesimama.

La pili ni thamani. Asilimia 3 ina maana kwamba kutangaza kunalipa ikiwa katika kila mizigo 33 unapotea mmoja. Wao walikuwa wametuma mingi kidogo kwa miaka miwili na kupoteza mmoja, kwa hiyo kutangaza kila mzigo kusingewasaidia sana. Waliamua kwamba sare, na kitu chochote chenye siku yake, kitangazwe kila mara, kwa kuwa mzigo wa namna hiyo ukipotea unapoteza zaidi ya bei yake. Mizigo ya kawaida ya dukani waliianzishia mfuko wao wenyewe: shilingi 200 kwa kila doti, 100 ya kila mmoja. Oda ya doti 60 inaweka 12,000, na mwaka wa oda nane kama hiyo unaweka 96,000.

Nani aushike mfuko? Kijana alipendekeza mama. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara: yeye tayari hushika pesa za mama kwa siku mbili tatu kila oda kabla mzigo haujafika. Mfuko ukikaa Mbinga, kila mmoja ana kitu cha mwenzake.

Mfuko huo una mipaka yake. Unalipa mzigo uliopotelea katikati ya njia, pale maandishi ya pande zote mbili yanapoonyesha hivyo. Hauwezi kulipa salfeti iliyofika na mshono mzima lakini ikiwa na doti pungufu, kwa sababu hapo hakuna mtu wa tatu wa kuulizwa. Kuna kikaratasi cha ndani, kuna picha ya sakafuni, na kuna maneno ya watu wawili. Jambo hilo likitokea mara moja wanaweza kulimeza. Likitokea mara mbili, biashara itakuwa imeisha hata kama hakuna atakayelisema.

Baada ya harusi, oda iliyofuata ya Mama Mbinga ilikuwa doti 20. Kijana aliiona, na hakumuuliza kwa nini si 60. Alifunga, akashona kitambaa chekundu, akatuma risiti mbele na nyuma. Iliyofuata ilikuwa 30, kisha 45. Ile ya 60 ilirudi kwenye oda ya tano, siku ile ile mama alipomaliza kulipa 25,000 ya mwisho.